Gomesi Moja Haitoshi

*Mwalimu, skripti yangu nimeipaka rangi zote, waigizaji nyekundu, propsi zambarau. Mbona bajeti inazidi kila siku? (Jinja)*

Umepaka rangi, hukuhesabu. Tuseme onyesho la 14 linasema: "Bodaboda inateleza. Nakato anaanguka na kikapu cha mayai, gomesi inachafuka." Mistari miwili tu. Rangi zitakupa Nakato, dereva, bodaboda, kikapu, mayai na gomesi, nawe utaandika gomesi moja.

Sasa muulize dairekta atapiga teki ngapi. Akisema nne, unahitaji gomesi nne safi za kitambaa kilekile. Nunua zote siku moja, maana Owino kitambaa kikiisha kimeisha. Kama wa kuanguka si mwigizaji mwenyewe, naye ashonewe zake. Kikapu cha mayai 20 mara nne ni mayai 80, yaani trei tatu.

Kisha onyesho la 15: Nakato anafika nyumbani, siku ileile ya hadithi, bado mchafu. Lakini nyumba inapatikana Jumatatu na barabara Alhamisi, kwa hiyo utapiga la 15 kabla ya la 14. Hapo ongeza gomesi moja ya kuchafuliwa mapema, na upige picha kila doa ili Alhamisi lilingane. Usipoandika siku ya hadithi kwenye karatasi ya kila onyesho, haya huyaoni mpaka mshonaji awe amefunga duka.

*Kikombe kilichoko mezani ni propsi au pambo la seti? (Mbale)*

Mwigizaji akikishika ni propsi, asipokishika ni pambo. Jamani, hili nimeshalijibu mara tatu.

*Ukurasa mmoja ni dakika moja. Nikipiga kurasa tano kwa siku, skripti ya kurasa 90 si siku 18? (Kampala)*

Hiyo dakika ni ya mtazamaji, si yako. Watu wawili wamekaa kwenye kochi wanagombana kurasa mbili, mnaweza kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Onyesho letu la 14 ni sehemu moja ya nane ya ukurasa, na litakula nusu siku: kuzuia barabara, kufagia mayai, kumvisha Nakato upya. Pima urefu kwa sehemu za nane, ndiyo, lakini pembeni andika saa unazokisia.

Na waandishi mnaopenda neno "machweo", nawaomba. Kampala jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na giza halichelewi. Maonyesho manane ya machweo ni jioni nane za ratiba.

*Polisi wawili wanapita tu, hawasemi. Niwaandike wapi? (Entebe)*

Kwa ekstra, na tena kwa maleba, kwa sababu sare ya polisi inataka kibali; usiazime ya shemeji yako. Dairekta akimpa mmoja wao japo neno "Simama!", mhamishie kwa waigizaji siku hiyohiyo, maana malipo yake yamebadilika.