Miguu inateleza, jembe linaishia hewani: kumbadilisha mchezaji mzima kwenye video

Swali: Kaka, habari za kazi. Kikundi chetu cha ngoma ya bugobogobo kilirekodi video ufukweni Igombe jioni, jua likiwa nyuma, mchezaji mmoja mbele na jembe lake, simu ikiwa kwenye stendi. Mchezaji huyo ameshajitoa na ameomba asionekane. Mwenzake, ambaye ni mrefu zaidi, amekubali tumweke yeye. Natumia ComfyUI, mifupa, yaani mchoro wa viungo vya mchezaji, naitoa kwa DWPose, kisha Wan2.2-Animate inamchora mtu mpya. Sura inatoka vizuri, lakini miguu inateleza mchangani, mara nyingine inapishana ghafla, na jembe halipigi chini sawasawa. Nirekebishe wapi?

Jibu: Salama, dada. Acha kwanza kugusa mipangilio ya Wan. Hiyo modeli inafuata mifupa unayoipa, na mifupa ikiteleza, mtu atateleza hata umwongezee hatua ngapi za kuzalisha. Toa video ya mifupa peke yake kwenye mandhari nyeusi, irudishie sauti ya ngoma, uitazame mara kadhaa. Ukiona dosari hapo, hapo ndipo pa kutibu. Kwa maelezo yako nina hakika utaziona zote tatu, ile ya jembe ukiiona kwenye mikono.

Kabla ya mifupa yenyewe, kuna jambo la simu. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja: mwanga ukipungua jioni, idadi ya fremu kwa sekunde inapanda na kushuka. Programu ikizisoma kana kwamba zimepangwa sawa, mwendo unasogea taratibu mbali na ngoma, na mtazamaji anahisi mchezaji amepoteza mdundo bila kujua kwa nini. Ilazimishe video iwe na kasi moja kabla ya kuipeleka popote:

```
ffmpeg -i ngoma.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy ngoma30.mp4
```

Halafu angalia mpangilio wako wa ComfyUI usiishushe tena hadi fremu 16 kwa sekunde. Kwa fremu 16, kati ya fremu moja na nyingine kuna takriban milisekunde 62, na pigo la jembe linaweza kuangukia katikati, pasipo na fremu yoyote. Kwa fremu 30 pengo ni milisekunde 33, angalau unapata fremu moja jembe likiwa limegusa au karibu kugusa.

Sasa miguu kupishana. Mmerekodi jua likiwa nyuma ya mchezaji, kwa hiyo yeye ni kivuli cheusi na uso hauonekani. DWPose haina cha kuiambia kama anatutazama au ametupa mgongo, basi kwenye fremu fulani inauita mguu wa kulia wa kushoto, kisha inajirudi. Kibaya zaidi, alama ya uhakika inayotolewa na programu haishuki hapo: inakosea huku ikijiamini. Usitegemee alama hiyo kuzipata fremu mbovu. Pima umbali. Kwa kila fremu, linganisha na fremu iliyotangulia: ukiacha miguu ilivyo, vituo vyote, yaani alama za viungo, vimesogea jumla ya pikseli ngapi? Ukibadilishana kulia na kushoto je? Chagua jibu dogo. Fanya hivyo kwa nyonga, goti, kifundo, kisigino na vidole vya mguu kwa pamoja, maana kubadili kifundo peke yake kutakupa mguu uliosokotwa. Pale anapogeuka mzima au anapovusha mguu mmoja mbele ya mwingine, hesabu hii inaweza kudanganywa, kwa hiyo sehemu hizo zipitie kwa macho.

Fanya hili kabla ya kulainisha mwendo. Wengi wanaweka kichujio kwanza kwa sababu mtetemeko ndio unaokera, halafu kichujio kinageuza kule kuruka kwa kulia na kushoto kuwa mwendo laini wa miguu miwili ikipenyana. Likifika hapo, kosa limeshakuwa sehemu ya mwendo na ni shida kulitoa.

Kwa kulainisha, una faida moja: video imekwisha kurekodiwa, unajua yajayo. Hivyo tumia kichujio kinachopita mbele kisha kikarudi nyuma, ili mwendo usichelewe:

```python
from scipy.signal import butter, filtfilt
b, a = butter(2, 6, fs=30)
kiwiliwili = filtfilt(b, a, kiwiliwili, axis=0)
```

Hiyo 6 ni hezi, na kwa kiwiliwili na nyonga inatosha. Usiitumie kwa mikono. Pigo la jembe ni mwendo mkali unaokatika ghafla, na kichujio kizito kinakata ncha yake: mkono unaanza kurudi juu kabla haujafika chini. Kama tayari umelainisha mikono hivyo, jembe lako linaishia hewani kwa sababu hiyo, pamoja na sababu ya urefu nitakayoieleza. Kwa vifundo vya mikono anza na hezi 10, kisha fungua wimbi la sauti, tafuta mahali jembe linapogonga, na uhakikishe kwamba kifundo kiko chini kabisa kwenye fremu hiyohiyo. Kikiwa pungufu, pandisha namba. Afadhali mkono unaotetemeka kidogo kuliko pigo lisilofika.

Turudi mchangani, maana jicho la mtu halisamehe mguu unaoteleza. Lazima ujue ni fremu zipi kisigino au vidole vimekanyaga. DWPose inatoa vituo 133, na 6 kati ya hivyo ni vya nyayo: kwa kila mguu, kidole gumba, kidole kidogo na kisigino. Vitumie hivyo, usiishie kwenye kifundo. Kwa kuwa simu ilikuwa kwenye stendi, kasi ya kituo inatosha kukuambia:

```python
import numpy as np
kasi = np.linalg.norm(np.diff(kisigino, axis=0), axis=1)
amekanyaga = kasi < 2.0
```

Pikseli 2 kwa fremu ni kipimo cha kuanzia kwa mchezaji mwenye urefu wa pikseli kama 700 kwenye picha. Akiwa mdogo zaidi, kipunguze kwa uwiano. Usikubali mkanyago wa fremu moja au mbili, subiri nne mfululizo. Kwa kila mkanyago chukua wastani wa kati wa mahali pa kisigino, kiweke hapo kwa muda wote wa mkanyago, na uingie na kutoka taratibu kwa fremu tatu. Ukikibandika ghafla, goti litaruka.

Hapo ndipo urefu wa mchezaji mpya unapoingia. Tuseme wa zamani ana pikseli 330 kutoka nyonga hadi kifundo, na picha za wote wawili wamesimama wima zinaonyesha miguu ya mpya ni mirefu kwa asilimia 12. Ukimpa mifupa ya mwenzake bila kuibadili, atatoka na uso wake lakini na mwili wa mtu mwingine. Ukiirefusha mifupa kuanzia nyonga kwenda chini, nyayo zake zitazama mchangani pikseli 40. Kwa hiyo hesabu ianzie mguu uliokanyaga kwenda juu: nyayo zibaki pale pale zilipokuwa, nyonga ipande kiasi hicho cha pikseli 40, na goti litafutwe kati yake. Mfupa wa paja ukiwa na urefu p, wa muundi m, na umbali wa nyonga hadi kifundo u, pembe ya goti ni:

```
cos(goti) = (p*p + m*m - u*u) / (2*p*m)
```

Ukiacha kupandisha nyonga, fomula bado itakupa jibu, lakini mchezaji atacheza amekunja magoti muda wote kama mtu anayenyatia kuku. Na kumbuka kuzidisha kila mfupa kwa uwiano wake kama unavyoonekana kwenye fremu ile. Usiulazimishe uwe na urefu uleule kila fremu: paja likielekea kwenye kamera huonekana fupi, na ufupi huo ndio unaoiambia modeli kwamba goti limekuja mbele. Mimi njia hii ya picha bapa naiamini hadi tofauti ya asilimia 15 hivi. Zaidi ya hapo, hatua za mwenye miguu mirefu zinaonekana za kubana, na ni bora kuhamia kwenye mwili wa vipimo vitatu kama SMPL.

Jembe halimo kwenye mifupa kabisa. Kwa hiyo jembe halisi la kwenye video libaki: liache nje ya maski, yaani eneo ambalo Wan inalichora upya, ila viganja viwe ndani pamoja na pikseli chache kuvizunguka. Kisha vifundo vya mikono vibandike mahali vilipokuwa awali, kama ulivyofanya nyayo, na viwiko vitafutwe kwa fomula ileile. Mabega yamepanda lakini mikono nayo ni mirefu, itafika. Kivuli cha mchangani kiingize kwenye maski, la sivyo mrefu atakuwa na kivuli cha mfupi.

Swali moja muulize yule aliyejitoa kabla hujaendelea. Kazi yote hii inahifadhi mwendo wake: namna anavyorusha bega, anavyochelewa kidogo kabla ya pigo. Waliocheza naye watamtambua hata ukimvika mwili mwingine. Kama alichoomba ni sura isionekane, sawa. Kama alitaka asiwemo kabisa, hujatimiza, na hapo mrekodi upya. Ridhaa za wote wawili ziwe za maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu wewe pia.

Wan inafanya kazi kwa vipande, kwa kawaida fremu 77, na maungio ndipo nguo na uso hubadilika kidogo. Panga maungio yaangukie pale nyayo zote mbili zimetulia, siyo katikati ya mruko. Picha ya mchezaji mpya ipigwe saa ileile ya jioni, jua nyuma yake, simu kwenye kimo kilekile. Ukimpa modeli picha ya studio yenye mwanga wa mbele, italeta mwanga huo Igombe.

Sehemu moja sitakudanganya: pale anapogeuka na kiwiliwili kikaficha mkono mzima kwa zaidi ya nusu sekunde, hakuna kichujio kitakachojua mkono ulikuwa wapi. DWPose itabuni, na utakuwa unalainisha ubunifu. Sekunde hizo mchukue mchezaji mpya azicheze mwenyewe mbele ya simu, popote penye mwanga, kwa sauti ileile ya ngoma. Toa mifupa yake, na uichomeke hapo kuanzia mkanyago hadi mkanyago.