Maswali na majibu: Fao la uzazi la mfuko na mshahara wa mwajiri

Afisa utumishi wetu kaniambia nichague: ama kampuni inilipe mshahara wakati wa likizo ya uzazi, ama nikadai fao la uzazi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwamba kuchukua kote kuwili ni wizi. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli, dada. Hivyo ni vitu viwili vinavyotoka kwenye sheria mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Hakuna mahali inapomruhusu akukate kwa kuwa mfuko utakulipa. Fao la uzazi nalo linatokana na michango iliyowekwa kwa jina lako, na anayelidai ni wewe mwanachama, si kampuni.

Tuseme mshahara wako ni shilingi 600,000. Mwajiri anaendelea kukulipa kama kawaida kwa siku zote 84. NSSF inachukua mishahara yako ya miezi 6 iliyotangulia wiki ya 20 ya ujauzito, jumla yake 3,600,000, inagawa kwa siku 180 na kupata 20,000 kwa siku. Zidisha kwa siku 84, unapata 1,680,000. Hiyo ni juu ya mshahara.

Sharti la mfuko ni uwe umechangia angalau miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miaka 3 kabla ya kujifungua. Kwa mwajiri cha kuzingatia ni taarifa: mpe miezi 3 kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Mpe kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Wengi wanaokosa haki yao hapa hukosa kwa sababu walimweleza bosi kwa mdomo, bosi akahama, na aliyekuja baada yake hajui lolote.

Mimi na mwenzangu tunalipwa sawa, 600,000. Yeye kapata fao la 1,680,000, mimi nimeambiwa 1,120,000. Nani kanipunja? (Msomaji, Tabata)

Kwa tarakimu hizo, mwajiri wako. Gawa 1,120,000 kwa siku 84 unapata kama 13,333 kwa siku, yaani mshahara wa 400,000 kwa mwezi. Mfuko umekokotoa kwa kile ulichokiona kwenye vitabu vyake, na mtu fulani ofisini kwenu amekuwa akiuandikia mshahara pungufu.

Chukua taarifa yako ya michango NSSF uangalie kiasi cha kila mwezi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, sehemu yako na ya mwajiri zikijumlishwa, kwa hiyo kizidishe kwa 5 upate mshahara ulioripotiwa. Ukikuta 80,000, jibu ni 400,000, wakati ilitakiwa isomeke 120,000. Kisha tazama hati yako ya mshahara. Kama ulikuwa unakatwa 60,000 kila mwezi na mfukoni zinaingia 80,000 kwa jumla, mwajiri alikuwa anachangia 20,000 tu.

Peleka hati za mshahara na mkataba NSSF, uombe michango irekebishwe. Na kwa walio na mimba changa wanaosoma hapa: kwa kuwa hesabu inaangalia miezi iliyo kabla ya wiki ya 20, nyongeza ya mshahara utakayopata ukiwa na miezi 7 haitabadilisha fao. Taarifa ya michango ikaguliwe mapema, si siku ya kwenda kudai.

Nimehamia kampuni mpya, nina miezi 4 kazini na ujauzito wa miezi 7. Mwajiri anasema hanidai wala simdai. (Msomaji, Arusha)

Anategemea kifungu kinachosema aliye na chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Lakini hesabu vizuri. Ukijifungua utakuwa na miezi 6 au karibu yake, na likizo unaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe unayotarajia. Pengine wiki mbili tatu ndizo zitakazoamua, kwa hiyo kaa na kalenda na barua ya ajira mkononi kabla ya kuandika tarehe ya kuanza likizo.

Mfuko haujali umehama lini. Michango uliyoweka ukiwa kwa mwajiri wa zamani bado ni yako. Ukitimiza ile miezi 36, fao utalipwa hata kama huyu wa sasa hatoi senti. Kwa mtu anayehamahama kazi, hapa ndipo mfuko unapomshinda mwajiri kwa mbali.

Akikunyima likizo unayostahili, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko yasiyohusu kufukuzwa kazi yana siku 60, ya kufukuzwa yana 30.

Mke wangu ni mama wa nyumbani, mimi ndiye mwanachama wa NSSF. Naweza kudai fao yeye akijifungua? Na siku zangu za baba analipa nani? (Msomaji, Mbeya)

Fao hapana, kaka. Ni la mwanachama mwanamke aliyejifungua.

Siku za baba analipa mwajiri peke yake. Ni 3 kwa kiwango cha chini, na zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Zikipita hizo, huna cha kudai. Siku hizo 3 ni za mzunguko mzima wa miezi 36, hata watoto wakizaliwa wangapi humo. Mwenye wake wawili ajipange.

Huku Kenya mwajiri ndiye hulipa kila kitu. Nina duka lenye wafanyakazi 4, mmoja yuko likizo na nimemwajiri mwingine wa muda. Nalipa mishahara miwili kwa kiti kimoja. Mbona mfuko usinisaidie? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sheria ya ajira ya 2007, mama ana miezi 3 na baba wiki 2, wote kwa mshahara kamili kutoka kwako. NSSF ya Kenya haina fao la uzazi, na bima ya afya hugharamia hospitali, si mshahara. Kwa hiyo, ndugu, mzigo ni wako kweli.

Malalamiko yako si mapya. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952 kuhusu uzazi ulisema mwajiri mmoja mmoja asibebeshwe gharama hii, kwa kuogopa kwamba atakwepa kuajiri wanawake. Wenye maduka hawasemi hivyo waziwazi. Wanauliza tu kwenye usaili, "Umeolewa?"

Rwanda ilijaribu njia ya kati kwa sheria ya mwaka 2016: mchango wa asilimia 0.6 ya mshahara, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri, wanaume wakichangia sawa na wanawake. Mwajiri alibaki na wiki 6 za mwanzo, zilizosalia zikabebwa na mfuko. Kwa mshahara wa shilingi 30,000 za Kenya, mchango wa namna hiyo ungekuwa 180 kwa mwezi, 90 zako na 90 zake. Kwa wafanyakazi wako 4, ungetoa 360 kila mwezi, awepo mjamzito au asiwepo. Linganisha na 90,000 unazomlipa aliye likizo sasa kwa miezi yake 3, ingawa wiki 6 za mwanzo zingebaki kuwa zako.

Ila usidhani mfuko wa aina hiyo ungekuondolea karatasi. Michango yako ikichelewa, hasira za mfanyakazi zitakuja kwako wewe, si kwa mfuko.