IPR, kodi ya mshahara, ya 30% kwa mshahara mzima?

"Niko Lubumbashi, sina mke wala mtoto. Mshahara ni faranga 2,000,000, na fishi zangu za mshahara za 2024 zinaonyesha IPR 570,000. Ni sawa?"

Si sawa, ndugu. Walitoa 5% ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikabaki 1,900,000, kisha wakapiga 30% juu ya yote. Mwaka 2024, ile 30% ilishika tu kilichopita 1,800,000. Zile 162,000 za kwanza zilikuwa 3%, yaani 4,860. Kutoka hapo hadi 1,800,000 ilikuwa 15%, yaani 245,700. Laki moja iliyobaki inatoa 30,000. Jumla 280,560. Wamekuzidishia 289,440 kila mwezi!

Anayesema kwamba IPR ya 2024 haikupita 30% hakosei, ila hiyo ilikuwa dari, si kiwango cha kila mtu. Na mwenye watoto, yake ilikuwa hesabu nyingine, alikuwa na punguzo.

Mwandikie mwajiri kwanza, si DGI, ofisi ya kodi, maana mwajiri ndiye alikata. Ambatanisha fishi zote na hesabu hii, omba zisahihishwe na tofauti irudishwe, kisha baki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Atakuambia pesa imeisha kwenda serikalini. Mimi walinirudishia kidogo kidogo kwenye mishahara iliyofuata. Miezi miwili bado nadai.