Kazi ya usiku Namanve: andika mshahara wa mkononi kwenye ujumbe wa kwanza

Kazi ninayopata shida kuijaza kuliko zote hapa Kampala ni ya mfuatiliaji wa malori zamu ya usiku. Mtu anakaa mbele ya skrini kwenye ofisi ya kampuni ya usafirishaji huko Namanve, anaangalia malori yanayotoka Mombasa kupitia Malaba au Busia. Lori likisimama mahali pasipopangwa, anampigia dereva simu. Madereva wengi wa njia hiyo ni Wakenya na wanazungumza Kiswahili, kwa hiyo anatakiwa mtu anayekisema kwa ufasaha, anayeweza kubishana na dereva mkali saa tisa usiku bila kutafuta maneno. Kampala vijana wenye diploma wamejaa, ila wenye Kiswahili cha namna hiyo ni wachache, na wanaokubali kukesha ni wachache zaidi.

Tangazo la "mshahara mnono, saa za kazi zinajadilika" halimleti mtu huyu. Watu wamechoshwa na matangazo ya kazi yanayoishia kwa kudaiwa pesa ya fomu, kwa hiyo ujumbe usio na kiasi wanauchukulia kuwa ni utapeli.

Kabla ya kuandika lolote huwa nakaa na mwenye kampuni. Atakwambia ukitaja mshahara watu watakimbia. Mara nyingi si hilo linalomsumbua. Anachoogopa ni wafanyakazi wake wa mchana wauone. Kwenye kazi ninayoizungumzia, wa mchana walikuwa wanalipwa 750,000 kwa mwezi, naye alikuwa tayari kumlipa wa usiku 900,000. Tukaugawa waziwazi: mshahara 750,000 sawa na wa mchana, na posho ya usiku 150,000. Akiulizwa ana jibu, na anayetaka hiyo posho aje akeshe.

Hesabu ya mkononi ndiyo inayosahaulika. Kodi ya mshahara inakatwa kwenye jumla, posho ikiwemo. Kwa viwango ninavyotumia hapa, mtu anayezidi 410,000 kwa mwezi analipa 25,000 na asilimia 30 ya kilichozidi. Kwa 900,000 hiyo ni 172,000. NSSF ya mfanyakazi ni asilimia 5, yaani 45,000. Zinabaki 683,000. Mwenzake wa mchana anabeba 585,500. Maana yake ile posho ya 150,000 ikifika mfukoni ni 97,500. Ukimwambia mtu "utaongezewa laki na nusu" ukanyamaza hapo, atagombana na mhasibu mwisho wa mwezi, na mwezi wa pili hutamwona. (Kuna pia kodi ya serikali ya mtaa inayokatwa miezi michache ya mwanzo wa mwaka wa fedha, kuanzia Julai. Hiyo namwambia kwa mdomo.)

Saa nazo zina mtego wake, nao ni makabidhiano. Kampuni ilisema zamu ni ya saa nane, kuanzia saa nne usiku. Lakini mfuatiliaji lazima afike nusu saa kabla, aambiwe lori gani limeharibika na dereva gani hapokei simu. Usiku sita kwa wiki, zile nusu saa zinakuwa saa tatu, na wiki inafika saa 51. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 za kawaida kwa wiki, na ziada ya siku za kawaida inalipwa mara moja na nusu. Nikamwambia mwenye kampuni achague: alipe ziada, au makabidhiano yaingie ndani ya zamu. Akachagua la pili, na wa asubuhi wakaanza kuingia mapema.

Ujumbe niliotuma kwa WhatsApp ulikuwa hivi:

"Habari. Ninatafuta mfuatiliaji wa malori zamu ya usiku, ofisi iko Namanve. Kazi ni kuangalia malori kwenye skrini na kuwapigia madereva simu kwa Kiswahili. Kuingia saa tatu na nusu usiku (21:30), kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri (05:30), usiku sita kwa wiki. Siku ya mapumziko inazunguka, si Jumapili kila mara. Ni zamu ya usiku tu, hakuna ahadi ya kuhamia mchana. Mshahara 750,000 na posho ya usiku 150,000. Baada ya kodi na NSSF unapokea 683,000. Gari la kampuni linakuchukua na kukurudisha, hulipii. Hakuna ada yoyote. Kama haikufai, nijibu 'hapana' tu, sitakusumbua."

Saa naziandika kwa namna zote mbili, kwa sababu simu inaonyesha 21:30 na mtu anasema saa tatu na nusu, na nimeshaona mtu akifika asubuhi kwa usaili wa usiku. Sentensi ya kuhamia mchana ndiyo inayopunguza majibu kuliko zote. Iache hapohapo. Anayekubali kwa matumaini ya kuhamishwa baada ya miezi mitatu ataanza kusinzia kazini mwezi wa nne.

Mahali pa kuupeleka ujumbe ni muhimu kama ujumbe wenyewe. Makundi ya wahitimu hayakunisaidia. Nilipata watu kwa mawakala wa forodha wa Malaba na Busia, kwa wastaafu wa jeshi na polisi, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kazi, na kwa Wakongo wanaoishi Katwe na Nsambya. Wengi wao ni wakimbizi, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kuajiriwa, ingawa waajiri wengi hawajui.

Aliyefaa kuliko wote alikuwa utingo wa zamani aliyeacha barabara kwa ajili ya mgongo. Kwenye usaili nilimpa mfano: lori limesimama Naluwerere dakika arobaini, dereva anasema anabadilisha tairi. Akauliza, "Injini inawaka au imezimwa?" Akaeleza kwamba angemwambia dereva apige picha ya tairi lililotoka, kisha yeye mwenyewe angeangalia kipimo cha mafuta kabla na baada ya kusimama. Cheti chake kilikuwa cha kidato cha nne, na kampuni ilitaka diploma. Wakalegeza.

Mama mmoja wa Nsambya naye aliuliza swali ambalo sasa linajibiwa kwenye ujumbe wangu wa pili: gari lisipokuja? Jibu ni kwamba anapanda boda ya dereva anayejulikana na kampuni, na nauli inalipwa na kampuni usiku huohuo, si mwisho wa mwezi. Mimi nami nina swali ninalomuuliza kila mtu: mchana utalala wapi? Chumba cha mabati saa saba mchana kinawaka, na jirani ana spika. Asiye na jibu namwomba aje akae zamu moja, ya kulipwa, kabla ya kusaini.

Baada ya hapo angalia wanaoondoka wanaondoka lini. Akikimbia wiki ya kwanza, kagua saa na usafiri. Akiondoka baada ya mshahara wa kwanza, kuna hesabu ambayo hakuambiwa. Na kama ujumbe wenye kila kitu unarudishiwa "hapana" na watu wenye sifa zote, basi tatizo ni kiasi chenyewe, na maneno mazuri hayatakiongeza. Majibu hayo nayapeleka kwa mwenye kampuni kama yalivyo, namba za simu zikiwa zimefutwa. Asipoongeza, ninamrudishia kazi yake.