Hesabu nguzo au hesabu mapengo: jibu kwa mwandishi wa programu ya bili za maji

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa kijana anayeandika programu ya bili za maji kwa ajili ya nyumba za kupangisha pale Pipeline. Kila mwezi keateka husoma mita na kuandika namba, na programu yake inatoa matumizi ya kila mwezi. "Kaka," aliandika, "mwanzo ilikuwa inakufa ikifika mwisho. Nimeirekebisha, sasa haifi, lakini mpangaji mmoja inamwonyesha ametumia uniti hasi 21. Nimekaa nayo siku mbili."

Nilipoufungua msimbo wake nilijikuta nimerudi Kamulu, miaka kadhaa nyuma, nimesimama mbele ya shimo lisilo na nguzo.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ni kuliandikia duka moja la vifaa vya ujenzi programu ya kwotesheni. Mteja anataja urefu wa ua na mwachano wa nguzo, programu inampa idadi ya nguzo za zege na bei. Mteja mmoja alikuwa na ploti ya futi 50 kwa 100, na majirani walikuwa wameshajenga pande tatu. Alibakiwa na upande mmoja wa futi 100, nguzo kila baada ya futi 10. Niligawa mia kwa kumi nikampa nguzo kumi. Sikuona cha kufikiria hapo.

Jumamosi alasiri tajiri alinipigia simu akaniambia nipande pikapu na nguzo moja nyuma, niipeleke mwenyewe. Fundi, mzee wa makamo, alikuwa ameshavuta kamba ya manila kutoka bikoni hadi bikoni. Mashimo yalikuwa kumi na moja, kumi yameshasimamishwa nguzo. La mwisho, kwenye bikoni ya mbali, lilikuwa tupu, na seng'enge imelala chini kwa sababu haikuwa na pa kufungwa. Mzee hakunigombeza. Alinishika mkono akanitembeza kwenye kamba, akigusa kila nguzo. "Hii ya kwanza haina pengo nyuma yake. Kila inayofuata imekuja na pengo lake. Sasa niambie, kijana wangu, ulihesabu nguzo au ulihesabu mapengo?"

Nilikuwa nimehesabu mapengo. Futi 100 zina mapengo kumi ya futi 10, na mapengo kumi yaliyonyooka hushikwa na nguzo kumi na moja. Lupu yangu ilikuwa hivi:

```python
for i in range(urefu // mwachano):
    simamisha(i * mwachano)
```

`range(10)` huanza 0 na kuishia 9. Nguzo zikasimama futi 0, 10, 20, mpaka 90. Ya futi 100 haikuitwa kabisa. Programu haikulalamika, kwa sababu kwa kompyuta hapakuwa na kosa lolote.

Usiku ule niliongeza `+ 1` nikalala. Hapo ndipo nilipojimaliza. Mteja aliyefuata alitaka ploti nzima ya 50 kwa 100 izungukwe. Programu ilipiga kila upande peke yake: 11, 6, 11, 6, jumla 34. Zilizohitajika ni 30. Ukizunguka, nguzo ya mwisho ya upande mmoja ndiyo ya kwanza ya upande unaofuata, kwa hiyo nilikuwa nimeuza kila kona mara mbili. Mapengo ni 10, 5, 10 na 5, jumla 30, na kwenye mzunguko nguzo ni sawasawa na mapengo. Hata geti halibadilishi hesabu hiyo, kwa kuwa geti ni pengo lisilofungwa waya, na nguzo zake mbili zimo tayari. Nguzo nne zilibaki kwenye nyasi, mteja akadai pesa zake, na kazi yangu akapewa mwingine mbele yangu, wateja wakisikiliza. Bado inaniuma, sitaficha.

Lakini nilitoka na maswali mawili ambayo nimeyatumia tangu siku hiyo kabla ya kuandika lupu yoyote. Ninachohesabu ni nguzo au mapengo? Na mstari wangu una ncha mbili, au unarudi ulikoanzia?

Sasa tuje kwenye mita, ndugu yangu. Namba anazosoma keateka ni nguzo. Matumizi ni mapengo kati yake. Tuseme namba za mpangaji huyo ni 412, 419, 428 na 433. Ziko nne, matumizi ni matatu: 7, 9 na 5. Ulianza hivi:

```python
for i in range(len(m)):
    print(m[i + 1] - m[i])
```

Umezunguka mara nne kutafuta mapengo matatu. Mzunguko wa nne ukaomba `m[4]`, na orodha inaishia `m[3]`, ndipo ukaona `IndexError: list index out of range`. Huo ujumbe ulikuwa unakusaidia. Wewe ukauzima kwa kuandika `m[i] - m[i - 1]` bila kugusa mipaka ya lupu. `i` ikiwa 0, unaomba `m[-1]`, na katika Python hiyo si kosa, ni namba ya mwisho ya orodha. Ukatoa 433 kwenye 412 ukapata hasi 21. Mstari wenye ncha mbili umeufanya mzunguko, umeunganisha nguzo ya mwisho na ya kwanza.

Jumlisha matokeo yako yote manne: hasi 21, 7, 9, 5. Unapata sifuri. Itakuwa sifuri kwa kila mpangaji, kwa sababu ukizunguka mpaka ulipoanzia, kupanda na kushuka kote hufutana. Mwenye nyumba akijumlisha mwaka mzima ataona hakuna aliyetumia maji. Jumla sahihi ni ya mwisho kutoa ya kwanza, 433 kutoa 412, yaani 21, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia kukagua lupu za namna hii. Andika hivi:

```python
for i in range(1, len(m)):
    print(m[i] - m[i - 1])
```

Lupu inaanza 1 kwa sababu nguzo ya kwanza haina pengo nyuma yake, kama alivyosema mzee. Mpangaji mpya mwenye namba moja tu hatapata bili, na ndivyo inavyopaswa.

Nawaomba vijana wenzangu, acheni kujaribu `<` na `<=` na `+ 1` mpaka matokeo yafanane na mnachotaka. Mnahamisha kosa tu. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliandika mwaka 1982 kwa nini, kwenye mfululizo wa namba, mpaka wa chini uwemo na wa juu usiwemo: idadi inakuwa tofauti ya mipaka yenyewe, na vipande viwili vinavyofuatana vinashikana bila kupandana. `range(0, 10)` na `range(10, 20)` hazigombanii namba yoyote, ila kona zangu za Kamulu zilipandana kwa kuwa kila upande ulidai ncha zote mbili.

Kisha jaribu kwa vidogo unavyoweza kuvichora. Ua wa futi 10 wenye mwachano wa 10: nguzo mbili. Halafu urefu usiogawanyika, mfano futi 95. `95 // 10` ni 9, ukiongeza moja una nguzo kumi, ya mwisho imesimama futi 90, na futi tano za mwisho hazina kitu. Hapo kinachotakiwa ni `math.ceil(95 / 10)`, mapengo kumi ya futi 9.5, nguzo kumi na moja. Hiyo nayo niliikuta baadaye, kwenye msimbo wangu uleule, nilipoufungua nyumbani bila kutumwa na mtu.