"Makosa Yalifanyika": Yalifanywa na Nani, na Nani Atafanya Nini?

Juma lililopita katibu wa kikundi cha maji huko Vihiga aliniandikia ujumbe ambao nimekuwa nikiufikiria tangu siku hiyo. Kikundi chake kinatakiwa kuwaandikia wanachama barua ya kuomba radhi, naye akaniuliza: "Mwalimu, nikitaja cheo cha mtu kwenye barua, si nitakuwa nimemwaibisha mbele ya watu? Si afadhali niseme tu kwamba makosa yalifanyika?" Ninamjibu hapa kwa urefu, kwa sababu barua ya namna hiyo ilipita mikononi mwangu hivi karibuni, na ninajivunia jinsi ilivyomalizika.

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa Njoro. Usiku wa Jumamosi moja maziwa yetu ya jioni, lita 640, yalilala katika tangi la kupoza bila kupozwa, na asubuhi mnunuzi akayakataa. Kwa bei yetu ya shilingi 50 kwa lita, hiyo ni shilingi 32,000, na maziwa ya ng'ombe wangu yalikuwamo. Siku ya Jumatano tulitumiwa rasimu ya barua ya kamati ili tutoe maoni. Ilisema hivi:

"Jumamosi iliyopita makosa yalifanyika katika uhifadhi wa maziwa ya jioni na hasara ikapatikana. Chanzo kimechunguzwa na hatua zinazofaa zimechukuliwa. Wanachama wanahakikishiwa kwamba jambo hili halitarudiwa. Malipo yatarekebishwa."

Niliisoma nikahisi uchungu wa zamani. Miaka kadhaa nyuma, kikundi kingine nilichokuwamo kilituandikia kwamba "fedha zilitumika kinyume cha utaratibu", na mpaka leo hakuna aliyejua ni nani wa kumwuliza, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa. Niliomba kamati initumie rasimu hiyo niifanyie kazi kabla haijapigwa chapa, nao wakakubali.

Katika Kiswahili, mtenda hufichwa kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kauli ya kutendwa: "makosa yalifanywa". Hapa mtenda ameachwa nje, lakini mlango uko wazi, kwani unaweza kuongeza "na mweka hazina" na sentensi ikasimama. Ya pili ni kauli ya kutendeka: "makosa yalifanyika". Hapa mlango umefungwa kabisa. Huwezi kusema "makosa yalifanyika na mweka hazina" ukabaki katika Kiswahili sanifu, kwa sababu kitenzi chenyewe kinadai kwamba jambo lilitokea lenyewe. Ndiyo maana waandishi wa barua za kuomba radhi huipenda kauli hii kuliko nyingine, na ndiyo maana kuirekebisha hakuwezi kuwa kazi ya kubandika jina mwishoni mwa sentensi. Ni lazima ukivunje kitenzi na kuanza upya na mtu.

Njia ninayoitumia ni ya kalamu. Ninapita katika barua na kuzungushia duara kiambishi cha nafsi au cha ngeli kilicho mwanzoni mwa kila kitenzi. Kikiwa ni "ni", "tu", "a" au "wa", kuna mtu. Kikiwa ni "ya", "i", "zi", "ki", "u" au "li", anayetajwa ni kitu, na hapo ninaandika pembeni: nani? Kipimo hiki kinanasa hata sentensi zinazoonekana kuwa za kutenda. "Kamati itashughulikia" ina "i". "Uongozi unasikitika" ina "u". "Chama kitahakikisha" ina "ki". Zote ni kauli ya kutenda, na zote hazina mtu ndani yake. Baadaye ninatazama mkia wa vitenzi vilivyobaki, kwa kuwa "wanachama wanahakikishiwa" huanza na "wa" lakini wanachama hao hawafanyi lolote. Wanafanyiwa, na anayewahakikishia hajulikani. Uwe mwangalifu na mkia huo, maana "chelewa" na "elewa" vinaishia kwa "wa" bila kuwa vitenzi vya kutendwa.

Katika ile rasimu fupi, kila duara lilikuwa la kitu, isipokuwa lile la wanachama wanaohakikishiwa. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyefanya jambo, wala ambaye angelifanya.

Kisha inakuja sehemu ambayo sarufi peke yake haiwezi kuifanya. Ukiuliza "nani?" na hujui jibu, huna budi kwenda kuuliza watu. Nilikaa na kamati kituoni, tangi likivuma nyuma yetu, tukarudi hatua kwa hatua. Maziwa yaliharibika: sentensi hiyo niliiacha ilivyo, kwa sababu ni kweli maziwa huharibika yenyewe yasipopozwa, na hakuna mtu aliyeyaharibu kwa mkono wake. Umeme ulipotea saa tatu usiku: nayo niliiacha, kwani hakuna miongoni mwetu aliyeuzima wala ambaye angeurudisha. Jenereta haikuwaka. Hapa ndipo nilipokataa kusimama, kwa sababu jenereta haijinunulii dizeli. Tangi lake lilikuwa kavu, na kabla ya ukavu huo lazima kulikuwa na mtu aliyetakiwa kufanya jambo fulani. Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata: rudi nyuma mpaka ufike kwenye tendo la mwisho lililokuwa mikononi mwa binadamu, kisha andika kitenzi cha tendo hilo, iwe lilifanywa au liliachwa.

Msimamizi wa kituo alisema kwamba aliomba pesa za dizeli Jumanne iliyotangulia. Mwenyekiti aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tuache hapo. Ukiandika mweka hazina, utamvunjia heshima mama wa watu." Mweka hazina alisikia. Alisema, "Andika tu kwamba ombi lilinifikia na sikutoa pesa. Lakini andika na sababu. Hundi inataka sahihi mbili, na ya pili ni ya mwenyekiti, naye alikuwa Eldoret." Mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba aliondoka bila kumwachia mtu yeyote mamlaka ya kutia sahihi.

Tazama lililotokea hapo, kwa maana ndilo jibu la swali la katibu wa Vihiga. "Makosa yalifanyika" haikumlinda mweka hazina. Kijijini watu wanajua nani hushika pesa, na kila mmoja angemshuku yeye na kumsengenya kwa jambo ambalo hakulifanya peke yake. Kumtaja kwa cheo, pamoja na tendo lake halisi na sababu yake, ndiko kulikomtoa katika lawama isiyo na mpaka. Adabu si kuficha mtenda. Adabu ni kutaja tendo bila kumwongezea mtu tabia: unaandika "hakutoa pesa", huandiki "alizembea".

Barua iliyotoka ilisema hivi:

"Jumamosi usiku umeme ulipotea saa tatu, na jenereta haikuwa na dizeli. Msimamizi wa kituo aliomba pesa za dizeli siku ya Jumanne. Mweka hazina alipokea ombi hilo lakini hakutoa pesa, kwa sababu hundi inahitaji pia sahihi ya mwenyekiti, na mwenyekiti alisafiri bila kumteua mtu wa kutia sahihi kwa niaba yake. Jumapili asubuhi msimamizi alipima maziwa, akakuta joto la nyuzi 14, akayapakia hata hivyo. Mnunuzi aliyapima kwa alkoholi, yakafanya chembe, akayakataa."

Sehemu ya pili, ile ya wakati ujao, ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi. "Jambo hili halitarudiwa" ni ahadi isiyoweza kutimizwa na mtu yeyote, kwa kuwa haina mtu. Tuliibadilisha iwe matendo yanayoweza kuonekana kwa macho, kila moja na mtu wake na siku yake:

"Msimamizi atapima dizeli kila Jumatatu na Ijumaa, na kuandika kipimo katika daftari la kituo. Ikishuka chini ya lita 20, atampigia mweka hazina simu siku hiyohiyo. Mweka hazina atamtumia pesa kwa M-Pesa kabla ya jioni, kutoka katika shilingi 5,000 ambazo kamati imemruhusu kuzishika bila sahihi ya pili. Msimamizi hatapakia maziwa yenye joto la zaidi ya nyuzi 10 kabla ya kuzungumza na mwenyekiti. Mwenyekiti atalisoma daftari hilo mbele ya kila mkutano wa kamati. Katika mkutano ujao mwenyekiti atawaomba wanachama waidhinishe fidia ya shilingi 32,000 kutoka katika akiba. Wakikubali, mweka hazina atamlipa kila mmoja kulingana na lita zake, pamoja na malipo ya mwezi huu."

Rasimu ya kwanza ya sehemu hii ilisema "msimamizi atahakikisha kwamba dizeli ipo", nami nikaikataa ingawa ilikuwa na mtu. Kitenzi "hakikisha" hakionyeshi tendo. Huwezi kumkuta mtu akihakikisha. Unaweza kumkuta akipima, akiandika au akipiga simu. Nawasihi makatibu wote mnaosoma hapa mkichukie kitenzi hicho, pamoja na "jitahidi", "zingatia" na "shughulikia", kwa sababu vinampa mtu kazi isiyo na mwisho wala ushahidi. Iwapo mwanachama hawezi kujua siku ya Ijumaa jioni kama kazi imefanywa au haikufanywa, sentensi hiyo bado haijaandikwa.

Mkutanoni barua ilisomwa kwa sauti. Maswali yalikuwa mengi, lakini yote yalikuwa ya aina moja: kwa nini iwe lita 20, daftari litakaa wapi, je, mwanachama yeyote anaweza kuliona? Hakuna aliyepiga kelele kwamba pesa zimeliwa. Fidia iliidhinishwa, na ndiyo, nimetumia kauli ya kutendwa hapo kwa makusudi, kwani walioidhinisha ni wanachama wote na kila msomaji anajua hivyo. Si kila "wa" ya mwisho ni maficho. "Maziwa hupokelewa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi" ni sentensi njema, kwa sababu mkulima anataka kujua saa na si jina la mpokeaji.

Lipo jambo moja ambapo mwandishi hana budi kujizuia, nalo ni pale mtenda asipojulikana kwa hakika, hasa pakiwa na shuku ya wizi. Hapo usimtaje mtu kwa kubahatisha, wala usirudi kwenye "mikebe ilipotea, uchunguzi unafanywa". Andika unachokijua, kisha mtaje mtu wa hatua inayofuata: "Mikebe mitatu haipo stoo. Hatujui nani aliichukua. Katibu atazungumza na walinzi wote wawili kufikia Alhamisi, na atawasomea wanachama majibu yao Jumamosi."