Maswali na majibu: Namba zinazopungua mara mia kwenye Excel

Nikiandika 4500 inatokea 45. Nikiandika 7 inakuwa 0.07. Nimebadilisha muundo wa seli mara kadhaa, wapi!

Muundo wa seli hauhusiki kabisa, maana wenyewe hubadilisha sura ya namba tu. Hapa ni namba yenyewe inayobadilika unapobonyeza Enter. Jaribu kuandika 4500. ukimalizia na nukta. Ikibaki 4500, umempata mchawi: Excel inajiwekea nukta ya desimali kabla ya tarakimu mbili za mwisho, na nukta uliyoandika mwenyewe ndiyo inayoizuia. Mara nyingi chini kushoto mwa dirisha utaona pia maneno `Fixed Decimal`.

Fungua `File`, `Options`, kisha `Advanced`. Chini ya `Editing options` ondoa tiki kwenye `Automatically insert a decimal point`, ubonyeze OK.

Faili hilohilo kwa mwenzangu linafanya kazi vizuri. Je, limeharibika?

Halijaharibika. Mpangilio huu hukaa kwenye Excel ya kompyuta yako, haumo ndani ya faili. Ndiyo maana utakusumbua hata kwenye faili jipya, na kwa mwenzako hauonekani.

Nimeshazima, lakini namba nilizoingiza jana bado ni ndogo. Niandike upya zote?

Usiandike upya. Kuzima hakugusi kilichokwisha kuingia, ila namba hizo zinarekebishika kwa mkupuo mmoja. Tuseme ziko C2 hadi C60. Hifadhi kwanza nakala ya faili. Andika 100 kwenye seli tupu na uinakili, chagua C2:C60, bonyeza Ctrl+Alt+V, chagua `Multiply`, kisha OK. Ile 45 itarudi kuwa 4500. Mwisho futa ile 100.

Hakikisha kweli umezima kwanza, la sivyo 100 yako itaingia kama 1 na kuzidisha hakutabadilisha kitu.

Sehemu ya kuwa makini ni hii: si kila namba ya safu hiyo ilipungua. Uliyoiandika na nukta yake, mfano 12.5, iliingia salama, na ukiizidisha itakuwa 1250. Vivyo hivyo uliyoibandika kutoka kwingine. Kwa hiyo kabla ya kuzidisha, pitia safu ukiwa na karatasi ulizotoa namba hizo, na badala ya C2:C60 yote uchague seli zilizopungua tu, ukishikilia Ctrl. Mimi nisingeruka hatua hii hata kama safu ni ndefu, kwa sababu jumla ikishachanganyika, kosa ni gumu kulibaini.

Kwa nini basi kitu hiki kipo?

Ni kwa wanaoingiza fedha zenye senti siku nzima. Unaandika 1999, inaingia 19.99, kidole hakiitafuti nukta. Ukikihitaji, kiwashe kwa kazi hiyo, kisha ukizime kabla hujafungua faili jingine.